Marejesho ya vati kwa muuzaji wa nje: fedha hurudi kwa njia gani, na hukwama wapi

Kila habari za wauzaji wa bidhaa nje ya nchi kuidai serikali marejesho ya kodi zinapotoka, maswali mawili huulizwa na watu wenye akili zao timamu. La kwanza: mtu ambaye mauzo yake ya nje hayatozwi kodi anarudishiwa nini? La pili: kama kweli ni fedha yake, kwa nini asilipwe wiki ijayo? Yote mawili yana majibu, ila la pili haliwezi kueleweka kabla ya la kwanza.

Kodi inayozungumzwa ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo humu nitaiita vati kama wengi tunavyoitamka. Ina majina mawili ya ndani yanayochanganya watu. Mfanyabiashara aliyesajiliwa anaponunua kitu kwa ajili ya biashara, ile vati iliyomo kwenye ankara ya muuzaji wake huitwa kodi ya manunuzi. Anapouza, vati anayomtoza mteja huitwa kodi ya mauzo. Kila mwezi hujaza ritani, yaani taarifa ya kodi anayoipeleka mamlaka ya kodi: anachukua kodi ya mauzo, anatoa kodi ya manunuzi, na tofauti ndiyo anayoipeleka serikalini. Mzigo wenyewe haubaki kwake. Unasukumwa mbele hadi umfikie mlaji, yule wa mwisho asiye na wa kumsukumia.

Fikiria abiria waliobanana ndani ya basi wanaopitishiana nauli. Abiria wa mbele anamlipa kondakta, kisha anasubiri kurudishiwa na aliye nyuma yake, naye vivyo hivyo, hadi kiti cha mwisho ambako mtu analipa kwa fedha ya mfukoni mwake bila kumdai yeyote. Wote wa katikati walitoa fedha na wakaipata tena. Sasa tuseme wewe umekaa katikati, umeshatoa, unageuka nyuma kudai, kumbe aliyekuwa nyuma yako ameshuka na kupanda basi la nchi nyingine, ambako atalipa nauli ya huko. Wa kukurudishia hayupo. Aliyebaki wa kumwendea ni kondakta, kwa kuwa ndiye mwenye fedha yako. Muuzaji wa nje amekaa kiti hicho.

Anayeshuka ni mteja wa nje. Utaratibu unaofuatwa karibu na kila nchi yenye vati ni kwamba bidhaa hutozwa kodi pale inapotumika, si pale inapotengenezwa. Ikivuka mpaka, nchi inayoipokea huitoza vati yake bandarini kama inavyozitoza bidhaa nyingine zote. Nchi inakotoka nayo ikiacha kodi yake ndani ya bei, mnunuzi atakuwa amelipia kodi za serikali mbili juu ya kitu kimoja.

Sifuri si msamaha

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Watu husikia bidhaa za kwenda nje "hazina kodi" wakadhani zimesamehewa. Kisheria hizi ni hali mbili zilizo mbali mno. Bidhaa iliyosamehewa iko nje ya mfumo: muuzaji wake hatozi vati, wala haruhusiwi kudai vati aliyolipa kwenye manunuzi. Bidhaa ya kiwango cha sifuri iko ndani ya mfumo: inatozwa kodi kama nyingine, ila kiwango chake ni asilimia 0, na kwa kuwa imo ndani, haki ya kudai kodi ya manunuzi inabaki palepale.

Tuchukue mfano wa kampuni inayosindika ngozi na kuuza sehemu kubwa nje. Tuseme kiwango cha kawaida cha vati ni asilimia 18. Kwa mwezi mmoja kampuni hii imeuza nje ngozi ya milioni 400, kwa kiwango cha sifuri, na imeuza ndani ngozi ya milioni 50, ambayo imetoza vati ya milioni 9. Upande wa matumizi, ngozi ghafi za milioni 130 zimetoka kwa wafugaji wasiosajiliwa, kwa hiyo hazina vati ya kudai. Kemikali, umeme, vifungashio na vipuri vimegharimu milioni 200 kabla ya kodi, na vati yake ni milioni 36. Mishahara na mengineyo ni milioni 80.

Hesabu ya ritani ni fupi. Kodi ya mauzo ni 9, kodi ya manunuzi ni 36. Kampuni imelipa kwa wauzaji wake milioni 27 zaidi ya ilichokusanya kwa wateja. Hiyo 27 ndiyo dai la marejesho.

Itazame kwa upande wa serikali. Ile 36 iliingia hazina kupitia wauzaji wa kemikali, kampuni ya umeme na wengine waliotangulia kwenye mnyororo. Serikali ikirudisha 27, inabaki na 9. Na 9 ni asilimia 18 ya milioni 50 kamili, yaani vati ya ngozi iliyouzwa ndani ya nchi, si zaidi wala si pungufu. Marejesho hayakuila kodi ya mtu mwingine. Yameirudisha hesabu pale sheria ilipotaka iwe.

Sasa badilisha neno moja tu. Mauzo ya nje yakiwa ya msamaha badala ya sifuri, kampuni ingeweza kudai ile sehemu tu ya kodi ya manunuzi inayohusu mauzo ya ndani, ambayo ni 50 kati ya 450 ya mauzo yote. Milioni 4 zingedaiwa, milioni 32 zingegeuka gharama ya kudumu. Faida ya mwezi ya kampuni hii, baada ya kutoa 200, 130 na 80 kwenye mauzo ya 450, ni milioni 40. Kwa hiyo neno "msamaha", ambalo masikioni linasikika kama huruma, lingemeza sehemu nne kati ya tano za faida.

Wapo wanaoyaita marejesho haya ruzuku kwa wauzaji wa nje. Jambo hili lilijibiwa zamani katika sheria za biashara ya dunia. Mkataba wa Ruzuku wa Shirika la Biashara Duniani, unaotumika tangu 1995, unasema wazi kwamba kuiondolea bidhaa inayouzwa nje kodi ambayo bidhaa kama hiyo hubeba ikitumika ndani, au kuirudisha kodi hiyo, hakuhesabiwi kuwa ruzuku, mradi kinachorudishwa kisizidi kilichotozwa. Kikizidi, hapo ndipo ruzuku inapoanza. Na maneno hayo "kisizidi kilichotozwa" ndiyo yanayozaa nusu ya ucheleweshaji, maana lazima mtu athibitishe kilichotozwa.

Dai linavyosafiri

Watu wengi wanaamini kwamba ritani ikionyesha salio la 27, serikali imekwisha kujua na italipa. Sivyo inavyokuwa katika nchi nyingi. Salio la kwenye ritani kwa kawaida husogezwa mbele kufidia kodi ya miezi ijayo. Kwa mfanyabiashara wa kawaida aliyeagiza mashine mwezi mmoja, hilo linatosha, kwa kuwa mwezi unaofuata atakuwa na kodi ya mauzo ya kufidia. Kwa muuzaji wa nje halisaidii kitu, kwa sababu kila mwezi anazalisha salio jipya juu ya la zamani. Ndiyo maana sheria nyingi humruhusu mtu ambaye mauzo yake mengi ni ya kiwango cha sifuri aombe fedha taslimu mwezi kwa mwezi, huku wengine wakitakiwa kusubiri miezi kadhaa. Ila lazima aombe. Dai la marejesho ni ombi linalojitegemea, lina fomu yake na viambatisho vyake, na lina ukomo wa muda ambao ukipita haki hufa.

Viambatisho vinathibitisha mambo mawili tu. Kwanza, kwamba vati ya manunuzi ilitozwa kweli: ankara halali za kodi zenye jina na namba ya usajili ya mnunuzi na muuzaji, pamoja na ushahidi wa malipo. Pili, kwamba bidhaa ilitoka kweli nchini: tamko la forodha la kusafirisha nje, hati ya shehena ya meli, ndege au lori, uthibitisho wa forodha kwamba mzigo ulivuka mpaka, ankara aliyopelekewa mteja wa nje, na mara nyingi taarifa ya benki kwamba malipo yameingia.

Dai likishapokelewa, hupimwa hatari yake kwanza. Mdai wa muda mrefu mwenye kumbukumbu safi anaweza kulipwa kwanza na kukaguliwa baadaye. Mdai mpya, au aliyeruka ghafla kutoka dai la milioni 5 hadi dai la milioni 50, hukaguliwa kabla. Baada ya uhakiki hutolewa uamuzi, halafu kiasi kilichokubaliwa hukatwa madeni mengine ya kodi ya mdai, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye foleni ya malipo.

Kwa nini mkaguzi humwendea muuzaji wako

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wahasibu ni haya: "Mimi nimelipa, ankara ninayo, mbona wanamtafuta muuzaji wangu?" Lalamiko ni la haki, lakini mkaguzi naye ana sababu, na ni vizuri kuijua.

Vati ndiyo kodi ambayo mlaghai, zaidi ya kukwepa kulipa, anaweza kuifanya serikali imlipe. Katika nchi za Ulaya kulikuwa na wizi mkubwa uliopitia njia hii hasa, na bidhaa zilizopendwa zilikuwa simu za mkononi na vipande vya kompyuta, kwa kuwa ni vidogo, vya bei kubwa, na rahisi kusafirisha. Kampuni ya kwanza ilinunua simu kutoka nchi jirani ya Umoja wa Ulaya bila kulipa vati mpakani, kama sheria inavyoruhusu. Ikamuuzia ya pili kwa bei yenye vati, ikapokea fedha yote, kisha ikatoweka bila kuipeleka vati hiyo serikalini. Ya pili ikamuuzia ya tatu. Ya tatu ikauza simu nje kwa kiwango cha sifuri na kuomba irudishiwe vati iliyolipa. Ankara zake zilikuwa halali, malipo yalipita benki, na mzigo ulivuka mpaka kweli. Serikali ikarudisha fedha ambayo haikuwahi kuipokea. Halafu simu zilezile zikaingia tena kwa mlango wa kwanza na kuzunguka upya. Uingereza ililazimika, tarehe 1 Juni 2007, kubadilisha utaratibu wa simu na vipande hivyo ili anayenunua ndiye ahesabu vati badala ya anayeuza, asiwepo tena wa kupokea vati na kukimbia nayo.

Kwa hiyo mkaguzi anayeshika ankara yako ya kemikali hajiulizi kama wewe umelipa. Anajiuliza kama yule uliyemlipa ameifikisha. Njia yake ya kujua ni kulinganisha: ankara uliyoidai mwezi wa tatu ionekane kwenye ritani ya mwezi wa tatu ya muuzaji, kwa namba ileile na kiasi kilekile. Muuzaji akiwa hajaleta ritani, au ameiweka ankara mwezi wa nne, au mhasibu wake amekosea tarakimu moja ya namba yako ya usajili, mfumo unaonyesha kutolingana, na mstari huo unasimama.

Nadhani hapa sheria nyingi zinamwonea mdai mwaminifu. Hana uwezo wa kumlazimisha muuzaji wake alete ritani. Mwenye uwezo huo ni mamlaka ya kodi. Kumshikia fedha mtu wa tatu kwa kosa la mtu wa kwanza ni njia rahisi ya kufanya ukaguzi, kwa gharama ya asiye na kosa. Lakini ndivyo mambo yalivyo mpaka yabadilishwe, na muuzaji wa nje anayejua hili huchagua wauzaji wake kwa kuangalia pia utaratibu wao wa kodi, kwa sababu bei nafuu ya kemikali ikija na muuzaji asiyeleta ritani, punguzo lote linaliwa na vati iliyokwama.

Upande wa mpakani

Turudi kwenye dai letu la 27 tuone linavyopungua. Mkaguzi amekuta mambo mawili. La kwanza ni ankara za kemikali za milioni 40 kutoka kwa muuzaji mmoja ambaye hajaleta ritani ya mwezi huo. Vati yake ni milioni 7.2, imesimamishwa.

La pili ni lori. Kati ya mauzo ya nje ya milioni 400, mzigo wa milioni 80 ulikwenda kwa barabara. Tamko la forodha lipo, lakini kwenye mfumo halijafungwa: kituo cha mpakani hakikuingiza taarifa kwamba lori limepita. Kwa mkaguzi, tamko lisilofungwa lina maana kwamba mzigo uliandikishwa kutoka, ila hakuna anayeweza kuapa kwamba ulitoka. Huenda uliuzwa ndani.

Na hapa hutokea jambo linalowashangaza wengi. Ungetarajia kosa la upande wa mauzo liahirishe dai tu. Kumbe hufanya zaidi. Mauzo yasiyothibitishwa kuwa ya nje hurudi kuwa mauzo ya ndani, nayo hutozwa kiwango cha kawaida. Sheria nyingi huchukulia kwamba bei uliyopokea tayari ina kodi ndani yake, kwa hiyo kodi ni 80 mara 18 gawanya kwa 118, ambayo ni takriban milioni 12.2. Kodi ya mauzo inapanda kutoka 9 hadi 21.2. Ukitoa na ile 7.2, dai la milioni 27 limebaki 7.6, bila mtu yeyote kudanganya popote.

Lori lisilofungwa ni sura moja tu ya tatizo la mpakani. Nyingine ni jina. Mteja wa nje akija kuchukua mzigo kiwandani na wakala wake akaandikisha tamko kwa jina la mteja, kumbukumbu za forodha zitasema msafirishaji ni yeye, si kampuni. Kampuni imeuza kwa mgeni, imelipwa kwa fedha za kigeni, mzigo umetoka, na bado haina hati hata moja yenye jina lake kuthibitisha kwamba iliuza nje. Mauzo ya namna hii yafaa yafikiriwe kabla ya kusaini mkataba, kwa kuwa baada ya meli kuondoka jina kwenye tamko ni vigumu sana kulibadilisha.

Tarehe nayo husumbua. Ankara ya tarehe 29 inaingia ritani ya mwezi huo. Meli inaondoka tarehe 3 ya mwezi unaofuata, na forodha inaandika mwezi unaofuata. Jumla za mwezi hazitalingana kamwe. Hali kadhalika ankara ya dola iliyobadilishwa kwa kiwango cha siku ya ankara huku forodha ikitumia kiwango chake. Haya si makosa, lakini kompyuta haijui hivyo. Mhasibu mzuri huambatisha kwenye dai karatasi moja ya ulinganisho: kila ankara ya nje, namba ya tamko lake, tarehe zote mbili, viwango vyote viwili vya fedha, na sababu ya tofauti. Karatasi hiyo humwokolea mkaguzi siku kadhaa za kuuliza, na kila swali lisiloulizwa ni barua moja isiyohitaji kusubiriwa majibu.

Kuchelewa kwa namna ya pili

Mpaka hapa tumezungumza juu ya dai ambalo halijaamuliwa. Lipo dai la aina nyingine: limehakikiwa, limekubaliwa, barua imetoka, na fedha haiji. Hapo tatizo haliko tena kwenye karatasi za mdai.

Kuna imani kwamba vati ya manunuzi imekaa mahali fulani ikimsubiri mwenyewe. Hali halisi ni kwamba ikishaingia hazina huchanganyika na mapato mengine na kulipa mishahara, madawa na barabara za mwezi huohuo. Marejesho hulipwa kutoka kwenye makusanyo ya siku hiyo, na nchi hutofautiana hapa. Nyingine huiruhusu mamlaka ya kodi ikate marejesho kutoka kwenye makusanyo kabla ya kuyapeleka hazina. Nyingine hupeleka makusanyo yote, halafu huomba fungu la marejesho kutoka kwenye bajeti kama matumizi mengine. Kwa njia hii ya pili, fungu likikadiriwa pungufu mwanzoni mwa mwaka, linaisha kabla ya mwaka kuisha, na madai yaliyokubaliwa hupanga foleni kusubiri bajeti mpya.

Na kuna kishawishi ambacho hakisemwi sana. Kila mamlaka ya kodi ina lengo la makusanyo, na kila shilingi inayorudishwa hupunguza tarakimu inayotangazwa kama lengo limepimwa kwa kiasi kinachobaki baada ya marejesho. Mwezi wa mwisho wa kipindi cha kupimwa, kuahirisha marejesho wiki tatu hufanya makusanyo yaonekane makubwa zaidi. Hakuna fedha mpya iliyopatikana. Deni limefichwa nyuma ya tarakimu. Mapato yanayotangazwa bila kutoa marejesho yanayodaiwa yana fedha ya watu ndani yake, na naona ni haki wananchi waambiwe tarakimu zote mbili.

Ndiyo maana dhana kwamba kila kuchelewa ni dalili ya rushwa si sahihi, ingawa rushwa ikiwapo hupenda kukaa mahali penye foleni ndefu isiyo na mpangilio unaoonekana. Kuchelewa kwingi kuna maelezo ya kawaida: ama uthibitisho haujakamilika, ama fedha haijatengwa.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa haraka, ushahidi upo. New Zealand sheria yake huipa mamlaka siku 15 za kazi kulipa au kumjulisha mdai kwamba dai linachunguzwa. Afrika Kusini muda uliowekwa ni siku 21 za kazi. Kinachosaidia ni kupima hatari: madai mengi yenye kumbukumbu nzuri yanapita, na wakaguzi wanabaki na muda wa kuchimba machache yenye mashaka.

Gharama ya kusubiri tunaweza kuihesabu kwa kampuni yetu ya ngozi. Madai ya 27 kwa mwezi yakichelewa miezi sita, milioni 162 zimefungwa muda wote. Ni zaidi ya faida ya miezi minne. Kemikali za mwezi wa saba lazima zinunuliwe, kwa hiyo kampuni inakopa. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, mkopo wa 162 unagharimu takriban milioni 2 kila mwezi. Kodi iliyotakiwa kuwa sifuri imerudi kwa mlango wa benki, na mteja wa nje hawezi kuongezewa bei kwa sababu hiyo, maana anayo ngozi ya nchi nyingine mbele yake.

Cha kuuliza dai linapokawia

Mdai anayeandika "naomba marejesho yangu" kwa mara ya tano hupata jibu lilelile. Swali lenye faida ni hili: dai liko hatua gani? Kama liko kwenye uhakiki, omba kwa maandishi orodha ya mistari inayobishaniwa, ankara kwa ankara na tamko kwa tamko. Bila orodha hiyo, dai zima la 27 linaonekana kuwa na mashaka, wakati kwa kweli mashaka ni ya 19.4, na ile 7.6 haina mgogoro. Sehemu isiyo na mgogoro iombewe malipo peke yake. Mamlaka nyingi huweza kuidhinisha kwa sehemu, ila mara nyingi hufanya hivyo pale mtu anapoomba.

Kama dai limekubaliwa na fedha haijatoka, karatasi zaidi hazitasaidia. Hapo kinachowezekana ni kuomba salio lifidie kodi nyingine ambazo kampuni inadaiwa, kama kodi ya mapato ya kampuni au vati ya kuingiza mashine, pale sheria inaporuhusu. Kufidia hakuhitaji fedha itoke hazina, kwa hiyo hakusubiri fungu. Sheria za nchi nyingi pia humpa mdai riba siku zilizowekwa zikipita. Iandikwe kwenye barua, pamoja na tarehe inayoanza kuhesabiwa. Na kama sehemu imekataliwa, barua ya kukataa ina siku zake za pingamizi. Siku hizo hazisimami kwa sababu mnaendelea kuzungumza kwa simu.

Kampuni ya ngozi ingeanza na lori. Msimamizi wa usafirishaji angetafuta nakala ya tamko yenye muhuri wa kituo cha mpakani, na tamko la kuingiza mzigo lililofanywa na mteja upande wa pili, lenye namba ileile ya lori na uzito uleule. Wakala wa forodha angeyapeleka ili tamko lifungwe kwenye mfumo, na 12.2 ingerudi kwenye dai. Ile 7.2 ingetegemea muuzaji wa kemikali. Mhasibu angemwandikia kuomba alete ritani, angempa mkaguzi nakala ya barua hiyo pamoja na ushahidi wa malipo ya benki, na kwa oda ya kemikali inayofuata angeweka sharti jipya kwenye mkataba: sehemu ya vati italipwa muuzaji atakapoonyesha kwamba ankara imo kwenye ritani yake.